Darsa ya leo: Nguo ya Abu Jahm na simu ya mfukoni



Najua unaisoma darsa hii kwenye simu, na leo nataka kukuomba uiweke hiyo simu chini. Si sasa hivi. Malizia kwanza kusoma, halafu tutakubaliana siku na saa.

Wiki iliyopita vijana wa msikiti walinifuata baada ya alasiri. Wanatengeneza video fupi, ya dakika moja na nusu, kuwaita watu wapumzike na simu siku ya Ijumaa kwa ajili ya sala na familia. Picha wameshapiga: Forodhani jua linapokaribia kuzama, barza za Malindi, na jiko la nyumba moja ya Kikwajuni. Walichokosa ni maneno. Wakaniambia, "Maalim, tuandikie."

Nikaandika. Nilisema simu ni sumu, nikasema ni shetani tunayemtia chaji wenyewe. Nikaona nimeandika vizuri kweli kweli. Usiku nikamsomea mama yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ndugu yako yuko Maskati mwaka wa sita huu. Sauti yake naipata wapi, kama si kwenye simu? Sasa mimi ni shetani ndiye anayeniletea mtoto wangu?"

Sikuwa na jibu. Ile karatasi nikaichana, na tangu usiku ule najiuliza: kama simu si kitu kibaya, na kwa mama yangu ni kheri tupu, tunamwambia mtu aiweke chini kwa hoja gani? Kitu cha halali, chenye manufaa, mtu aliyekinunua kwa jasho lake, kwa nini akiache?

Jibu nimelipata katika hadithi mbili ambazo sote tumeshazisikia, lakini mimi sikuwahi kuziweka pamoja.

Ya kwanza ameipokea Bibi Aisha (R.A.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alisali akiwa amevaa khamisa, yaani nguo ya kujifunika yenye mapambo. Akiwa ndani ya sala jicho lake likayaangukia yale mapambo, mara moja tu. Alipomaliza akaagiza nguo ile ipelekwe kwa Abu Jahm, na yeye aletewe anbijaniya ya Abu Jahm, nguo nzito isiyo na mapambo, kwa kuwa ile ya kwanza ilimshughulisha katika sala yake.

Hebu tazama hapo kuna nini. Nguo ilikuwa ya halali. Ilikuwa zawadi, na aliyeitoa ni huyo huyo Abu Jahm. Mtume hakusema nguo za mapambo ni haramu, wala hakumlaumu aliyempa. Na maulamaa wameeleza kwamba aliomba ile nyengine ili Abu Jahm asione kuwa zawadi yake imekataliwa. Kwa hiyo kitu hakikuwa na kosa, na aliyekitoa hakuwa na kosa. Ila kilichukua sehemu ya moyo katika wakati ambao si wake, na hiyo ikawa sababu ya kutosha kukiondoa.

Hadithi ya pili nayo imo katika vitabu hivyo hivyo viwili. Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba huingia katika sala akiwa na nia ya kuirefusha, kisha husikia mtoto analia, akaifupisha kwa kumwonea huruma mama yake. Hakuagiza mtoto atolewe nje. Hakumwambia yule mama asije tena msikitini. Kilio kiliingia katika sala, na sala ikafupishwa kwa ajili yake.

Sasa ziweke pamoja. Mambo mawili yanamfikia mtu huyo huyo, akiwa katika ibada hiyo hiyo. Pambo la nguo linaondolewa. Kilio cha mtoto kinasikilizwa. Tofauti yao haiko katika sauti wala ukubwa, maana pambo halina sauti na kilio kinajaza msikiti mzima. Tofauti ni kwamba nyuma ya kilio yuko mtu mwenye haji na wewe sasa hivi, na nyuma ya pambo hayuko mtu. Pambo linataka jicho lako tu.

Na hapa ndipo ulipo uzito wa simu, ndugu yangu. Simu ni pambo na kilio ndani ya kioo kimoja. Inalia kwa mlio ule ule, mtoto wako akiwa na homa na mtu akiweka statasi ya sahani yake ya futari. Wewe ukisikia mlio hujui ni kipi, basi inakubidi utazame. Ukishatazama umeshakiona kilio, kama kipo, na pambo nalo umeshaliona, na lile pambo linavuta jengine. Uliingia kuangalia kama mama amepiga, unatoka baada ya nusu saa unajua bei ya gari Dubai.

Kwa hiyo ninachokuitia si kuikimbia simu. Ni kuvitenganisha hivyo viwili kabla wakati haujafika, kwa sababu wakati ukishafika huwezi tena.

Vijana walitaka siku nzima, alfajiri mpaka alfajiri. Wazee wawili watatu wakapinga, nami nikawa upande wa wazee, si kwa uvivu. Tazama alivyotuamrisha Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Jumu'a, aya ya 9 na ya 10. Ikinadiwa sala siku ya Ijumaa tuache biashara tuende kwenye kumtaja Yeye, na sala ikisha tutawanyike katika ardhi tutafute fadhila zake. Kuacha kuna mwanzo, nao ni adhana, na kuna mwisho. Mwenye duka Darajani hakuambiwa afunge siku nzima. Aliambiwa wakati ule asiuze. Muda mfupi unaoushika kweli ni bora kuliko mrefu unaouvunja kwa siri chooni.

Tukakubaliana hivi: Ijumaa hii, kuanzia adhana ya alasiri mpaka watu watoke tarawehe. Ni saa tano na kitu. Ndani yake zimo sala tatu za jamaa, futari, na muda ule wa kabla ya magharibi ambao dua ya mfungaji inatarajiwa kukubaliwa, na ambao wengi wetu tunaumaliza kwa kidole gumba.

Lakini iwe kwa nia. Hapa nitakukumbusha jambo ambalo waliokuwepo hawajalisahau. Mwaka 2008, Mei mpaka Juni, Unguja nzima ilikaa karibu mwezi bila umeme wa Bara. Halafu ikaja ile ndefu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Mji Mkongwe usiku ulikuwa giza, Darajani majenereta yananguruma, maji ya shida kwa sababu pampu hazifanyi kazi, na simu mtu unaenda kulipia kuchajiwa dukani kwa mwenye jenereta. Ilikuwa mitihani, sitaki kuipamba. Lakini jioni watu walitoka barazani, watoto wakakaa na bibi zao, mazungumzo yakawa marefu.

Kisha umeme ukarudi. Tulibakiwa na nini katika zile jioni? Mimi kwangu, usiku ule ule televisheni iliwashwa na kila mtu akarudi alikokuwa. Sikuwa nimeacha kitu, nilikuwa nimekikosa tu. Mtu aliyeshinda na njaa kwa sababu nyumbani hakuna chakula hakufunga, ingawa tumbo lake ni tupu sawa na la mfungaji. Funga ni chakula kipo, mkono unakifikia, na wewe umenuia. Kwa hiyo Ijumaa hii bando likikuishia saa kumi usijihesabu umo. Tunataka bando liwepo, chaji iwepo, na wewe uiweke.

Sasa tuingie nyumbani, tuone inakuwaje. Nitatoa mfano wa kwetu, kwa sababu ndiko ninakokujua.

Sisi tuko sita. Mama, mimi na mke wangu, na watoto watatu, mkubwa wao yuko skuli ya sekondari. Alkhamisi usiku tunakaa dakika kumi tu. Kila mmoja anataja kilio chake, yaani mtu ambaye akimpigia katika saa zile lazima apokelewe. Mke wangu ana dada yake mjamzito wa miezi minane. Mimi nina mzee mmoja wa hapa mtaani anayeishi peke yake. Mama ana ndugu yangu wa Maskati. Mtoto mkubwa alitaja marafiki wanne. Nikamuuliza, "Katika hao, nani asipokupata jioni moja atadhurika?" Akafikiri, akacheka, akasema hakuna.

Kisha tunawaambia hao watu: Ijumaa jioni usituandikie, piga. Hili ni jambo dogo lakini ndilo linalotenganisha. Mwenye haja ya kweli atapiga, na mwenye pambo ataandika. Halafu simu zinawekwa. Kwenye simu nyingi za kioo, ndani ya mipangilio, kuna kitu kinaandikwa "Do Not Disturb". Ukikiwasha simu inanyamaza, lakini unaweza kuruhusu majina machache unayoyachagua yalie. Simu nyingi pia zinaruhusu mtu akipiga mara ya pili ndani ya muda mfupi, ilie. Wenye simu za batani hawana haja ya hayo yote, waiache sauti juu na waiweke mbali. Mbali ni muhimu. Ikiwa mfukoni, mkono utaiendea wenyewe bila kukuomba ruhusa. Sisi tunaziweka juu ya kabati la vyombo, zote pamoja, vioo vikiangalia chini.

Na ndugu yangu wa Maskati je? Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja, na mwezi huu jua lao linatua kabla ya letu. Akishafuturu na kusali magharibi, huku kwetu ni kama saa kumi na moja na nusu jioni. Hapo ndipo anapata nafasi, kabla ya ishaa na tarawehe zao. Wito wake unaangukia katikati kabisa ya mapumziko yetu. Je, tumwambie asipige?

Hapana. Kumuunga mtu wa damu ni ibada, na mama anaisubiri simu ile kuliko anavyoisubiri tende. Kwa hiyo inapolia tunaipokea, lakini tunaipokea sote. Mama anakaa, simu inawekwa mbele yake sauti juu, watoto wanamsalimia baba yao mdogo mmoja mmoja, mke wangu anaita kutoka jikoni. Mtihani tulioujaribu Ijumaa iliyopita ulikuwa pale anapokata. Mkono wangu ulikuwa umeishika simu, kioo kinawaka, na juu yake nikaona kuna ujumbe kumi na saba. Nilisimama pale kwa muda. Kilio kimekwisha, lililobaki ni pambo. Niliirudisha kabatini, na nakwambia kweli, ilikuwa nzito kuliko kiu ya saa nane mchana.

Kuna la msikitini pia, na hili linatusumbua kila siku, si Ijumaa tu. Simu inalia katikati ya safu, mwenyewe anaiacha iimbe mpaka ikatike, anaogopa akiigusa sala itabatilika. Ndugu yangu, iguse. Mtume (S.A.W.) amesali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamweka, akisimama anambeba. Na katika madhehebu yetu ya Shafii kinachobatilisha ni harakati nyingi zinazofuatana, si kidole kimoja kubonyeza kitufe kupitia juu ya kanzu. Ukiiacha ilie unalinda sala yako kwa dhana na kuziharibu sala za safu tatu kwa yakini. Bora zaidi uizime kabla ya kukimu, au uiache nyumbani.

Lazima pia niseme ni nani hawaguswi na wito huu. Muuguzi aliye zamu Mnazi Mmoja, aache simu yake wazi. Kijana wa bodaboda anayepelekea watu futari, zile saa mbili za kabla ya magharibi ndio riziki yake ya siku nzima. Asijione amekosa. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani, seuze hili ambalo si faradhi. Huyo kijana achukue muda wake kuanzia ishaa.

Na wewe usiye na udhuru, jihadhari na jambo moja. Mapumziko haya yanaweza kuwa mapumziko ya wanaume tu. Mwanamume anaweka simu kabatini, anajisikia mchamungu, anatoka kwenda kukaa barazani mpaka adhana. Mke ndani anakuna nazi, anachoma kaimati, mtoto mdogo analia, na lile jambo moja lililokuwa likimtuliza mtoto, katuni za kwenye simu, sasa baba amelipiga marufuku. Hapo umempa mzigo mtu mwengine na thawabu umeiandika kwa jina lako. Saa tano ulizozipata zina mwenyewe. Kakune nazi wewe. Mchukue mtoto umpeleke Forodhani akatazame wenzake wanavyojirusha baharini. Ukiona simu zimewekwa na nyumba ikawa na kelele zaidi, watoto wanagombana, mtu anauliza maswali, hiyo ni dalili nzuri. Ukiona simu zimewekwa na televisheni imewashwa, mmebadilisha nguo moja ya mapambo kwa nyengine.

Basi haya ndiyo maneno niliyowapa vijana safari hii. Niliyapunguza mpaka yakatosha dakika moja na nusu:

Picha ya kwanza, Forodhani, watu wamekaa ukutani na kila mmoja ameinamia kioo. Sauti inasema: "Simu yako si adui yako. Imekuletea sauti ya mama, na kazi, na darsa."

Picha ya pili, jiko la Kikwajuni, mvuke unatoka kwenye sufuria, na simu inatetemeka mezani. "Lakini inakuita kwa mlio mmoja, mwenye shida na asiye na shida. Ijumaa hii tuwatenganishe. Waambie unaowapenda: ukiwa na haja, piga."

Picha ya tatu, mikono minne inaweka simu juu ya kabati, kioo chini. Hapa hakuna maneno, inasikika adhana ya alasiri tu.

Picha ya nne, baba anakuna nazi, mtoto anacheka, bibi anasubiri na tende mkononi. "Kutoka alasiri mpaka tarawehe. Wenye zamu na wenye kutafuta riziki, Mwenyezi Mungu awatakabalie, nyinyi mna udhuru."

Picha ya mwisho, safu imenyooka, imamu hajafunga sala. "Zima, tusimame."

Nilimsomea mama tena. Akasema, "Hii sawa." Kisha akaongeza, "Lakini hiyo nazi, Ijumaa mimi nataka nikuone."

Bibi Aisha (R.A.) aliwahi kuulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Jibu lake limo katika Bukhari: alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukiingia hutoka kwenda kusali. Sala na familia tunazotaka kuzipa nafasi Ijumaa hii, yeye zilimtosha siku nzima.

Ewe Mola wetu, tutakabalie funga zetu, tupe moyo uliohudhuria katika sala zetu, uwalinde waliombali nasi na uturudishie salama. Amin.

Alkhamisi usiku kaeni dakika kumi, mtaje majina yenu. Na sasa, ukiwa umefika hapa, iweke chini ukatazame nani yuko karibu nawe.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.